Astashahada, stashahada au shahada: namna ya kupanga njia ya masomo ya afya baada ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka mwezi Januari, swali linaloulizwa katika nyumba nyingi ni moja: mtoto aende kidato cha tano ili baadaye asome shahada, au aende chuo akachukue stashahada, au aanze na astashahada kwa sababu ni fupi na ada yake inavumilika? Swali hilo halina jibu moja linalofaa fani zote. Mwongozo huu unashughulikia fani ya afya kwa Tanzania Bara, na hasa njia ya utabibu inayomfikisha mtu kwenye udaktari, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya vyeti hivi vitatu huonekana waziwazi, na ndipo familia nyingi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba mlango wa chini ulifunguka bila shida lakini wa juu unadai kitu ambacho hakikuulizwa mwanzoni.

Hatua ya kwanza: fahamu kila cheti kinakufikisha wapi

Masomo ya vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo limeyapanga kwa ngazi zinazoitwa NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada, na ngazi ya 6 ni stashahada, ile ambayo mitaani tunaiita diploma. Aliyemaliza kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, na kwa kawaida kila ngazi huchukua mwaka mmoja, hivyo astashahada ya utabibu ni miaka miwili na stashahada ni miaka mitatu. Shahada iko juu ya hapo na inasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya daktari kusajiliwa kikamilifu.

Katika fani nyingine mwajiri anaweza kumpa mwenye stashahada na mwenye shahada kazi moja. Katika afya haiwi hivyo, kwa sababu kila cheti kina kada yake, na kada ndiyo inayoamua kazi unazoruhusiwa kufanya, baraza linalokusajili na ngazi ya mshahara utakayoanzia serikalini. Anayeishia ngazi ya 5 katika utabibu ni tabibu msaidizi, anayemaliza ngazi ya 6 ni tabibu, na mwenye shahada ndiye daktari. Kwa upande wa uuguzi, mwenye astashahada huajiriwa kama muuguzi, mwenye stashahada kama afisa muuguzi msaidizi, na mwenye shahada kama afisa muuguzi. Tabibu aliyefanya kazi zahanati miaka kumi na kuheshimiwa na kijiji kizima hageuki kuwa daktari kwa uzoefu. Atakuwa daktari akirudi darasani, na atarudi darasani ikiwa tu vyeti vyake vinamruhusu.

Kuna pia mafunzo ya ufundi stadi yanayotolewa na VETA na vyuo vingine, ambayo vyeti vyake huitwa NVA na vina ngazi tatu. Watu huyachanganya na astashahada kwa kuwa yote huitwa «cheti» katika mazungumzo ya kawaida. Kwa mwombaji wa afya ni muhimu ayatenganishe, kwa sababu matangazo ya kozi fupi za «uhudumu wa afya» yanaweza kumfanya aamini kuwa yuko katika njia ya utabibu wakati hayupo. Chuo kikikuambia kinatoa cheti, uliza swali moja tu: ni NTA ngazi ya ngapi?

Hatua ya pili: soma matokeo somo kwa somo

Divisheni ni muhtasari unaofaa kwa takwimu za shule. Kwa udahili wa chuo cha afya haina uzito unaodhaniwa. Sifa ya chini ya kuingia utabibu ngazi ya 4 ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia alama D, na miongoni mwake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia au somo la sayansi ya uhandisi linalokubaliwa badala ya Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa ni nyongeza inayompa mwombaji nafasi nzuri zaidi, na kuyakosa hakumzuii kuomba. Kwa maana hiyo mwenye divisheni ya nne aliyepata D katika Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiswahili ana sifa ya kuomba, ilhali mwenye divisheni ya pili iliyojengwa kwa Historia, Jiografia na Uraia huku akiwa na F ya Kemia hana.

Chukua karatasi, andika masomo yote na alama zake, kisha yapange katika makundi mawili. Kundi la kwanza liwe Kemia, Baiolojia na Fizikia. La pili liwe Hisabati na Kiingereza. Masomo mengine yaandike pembeni. Makundi hayo mawili ndiyo yatakayotumika katika hatua inayofuata, na kundi la pili, lile linaloonekana kama nyongeza, ndilo linalowaangusha wengi.

Hatua ya tatu: soma sifa za mlango wa juu kabla ya kuingia wa chini

TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoeleza sifa za kuingia kila shahada katika kila chuo kikuu, nacho hutolewa kwa sehemu mbili: moja kwa wahitimu wa kidato cha sita, nyingine kwa wenye sifa linganishi, yaani stashahada. Mwanafunzi wa kidato cha nne haoni sababu ya kukisoma kwa kuwa haombi shahada mwaka huo. Mimi nashauri akisome mwaka huohuo, na aanze na ile sehemu ya pili.

Kwa jumla, mwenye stashahada ya NTA ngazi ya 6 anayetaka shahada anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, isiyopungua 3.0. Hayo yanafahamika na wengi. Kwa udaktari wa binadamu kuna sharti la ziada: pamoja na stashahada ya utabibu yenye GPA ya 3.0 au wastani wa B, mwombaji anatakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Ni masomo matano, yakiwemo yale mawili ambayo chuo cha utabibu kiliyachukulia kuwa nyongeza. Hivyo mtu anaweza kusoma utabibu miaka mitatu, akafaulu vizuri, akafanya kazi kwa miaka kadhaa akiweka akiba ya kujisomesha, kisha akaambiwa na mfumo wa maombi kwamba hana sifa kwa sababu ya F ya Hisabati aliyoipata akiwa na umri wa miaka kumi na saba.

Tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Msichana ana Kiswahili B, Baiolojia, Uraia, Historia na Jiografia C, Kemia, Fizikia na Kiingereza D, Hisabati F. Masomo saba bora yanampa pointi 22, nayo ni divisheni ya tatu. Anataka kuwa daktari. Mama yake anasema, «Mwanangu, nenda kidato cha tano kwanza, serikalini ada haipo, kisha utasoma shahada moja kwa moja.» Ushauri wa mama una msingi, kwani kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali havitozi ada tangu mwaka 2022. Lakini udaktari kwa njia ya kidato cha sita unadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, yaani tahasusi ya PCB. Kwa C moja na D mbili katika masomo hayo matatu, asitegemee kupangiwa PCB. Tahasusi inayolingana na alama zake ni HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ambayo itamfungulia shahada za ualimu, sheria au maendeleo ya jamii, na kumfungia udaktari. Akitoka huko na ufaulu mzuri wa HGK, atalazimika kurudi kwenye utabibu wa ngazi ya 4 kwa matokeo yaleyale ya kidato cha nne, akiwa ametumia miaka miwili.

Kwa binti huyu, basi, stashahada ndiyo njia pekee iliyo wazi kuelekea udaktari, na alama zake zinamruhusu kuomba. Kinachobaki ni tundu moja, yaani Hisabati. Hapo muda una umuhimu kuliko anavyodhani. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea katika Baraza la Mitihani la Tanzania huanza mwanzoni mwa mwaka, na kuchelewa humaanisha faini au kukosa kabisa. Mtihani wenyewe hufanyika Novemba. Akijisajili mapema kwa somo hilo moja, ana miezi ya kutosha ya kujifunza kabla chuo hakijafunguliwa, na atafanya mtihani akiwa katika muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, wakati masomo ya chuo bado hayajamwelemea. Akiahirisha hadi amalize stashahada, atakuwa amekwishasahau hata namna ya kutafuta kipeuo cha pili cha namba kwa mkono, na kurudia Hisabati ukiwa kazini, una zamu za usiku, ni jambo gumu mno. Cheti cha marudio akitunze pamoja na cha kwanza, kwa sababu atatakiwa kuonyesha vyote viwili, na aulize mapema ofisi ya udahili ya chuo kikuu anachokilenga namna wanavyopokea matokeo ya mitihani miwili tofauti.

Kwa mwanafunzi mwenye alama za juu zaidi hesabu hubadilika. Aliyepata B na C katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na anayejua kwamba anaweza kuhimili PCB, atafika udaktari kwa miaka saba ya masomo: miwili ya sekondari na mitano ya chuo kikuu. Njia ya stashahada ni miaka minane, mitatu na mitano, ikiwa hatapumzika katikati. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini kuna tofauti nyingine yenye uzito: anayeshindwa PCB hutoka na cheti cha kidato cha sita kisicho na kada yoyote ya kazi, ilhali anayeishia stashahada ni tabibu anayeweza kuajiriwa. Ninapoona mwanafunzi ana C za pembezoni katika sayansi na familia haina uwezo wa kumsomesha tena ikiwa mambo yatakwenda vibaya, huipendelea stashahada. Ninapoona B mbili na bidii inayojulikana shuleni, husema aende PCB.

Hatua ya nne: amua kama astashahada inatosha kuwa kituo

Kwa kuwa ngazi ya 4, 5 na 6 zinafuatana, wengine hupanga kuishia ngazi ya 5, wafanye kazi, kisha warudi kumalizia. Mpango huo unafaa pale tu ambapo fedha za mwaka wa tatu hazipo kabisa. Sababu yake ni kwamba mwaka mmoja unaobaki ndio unaokupandisha kutoka tabibu msaidizi kuwa tabibu, na ndio unaokupa cheti kinachotambuliwa na TCU kwa ajili ya shahada. Astashahada peke yake haikuingizi chuo kikuu kusoma udaktari. Kabla ya kuamua hivyo, angalia matangazo ya nafasi za kazi katika mfumo wa Ajira Portal kwa miezi kadhaa na uhesabu ni mara ngapi kada ya astashahada unayoifikiria imetajwa ikilinganishwa na ya stashahada. Picha utakayoipata hapo ni ya kuaminika kuliko maneno ya wakala wa chuo.

Hatua ya tano: hakiki chuo, kisha omba

Katika tovuti ya NACTVET kuna kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha kila chuo, kozi zake, idadi ya nafasi, ada na muda wa masomo. Mambo matatu ndiyo ya kuangalia. Kwanza, kozi yenyewe iwe imeidhinishwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi unayoitaka haimo. Pili, angalia ngazi zilizoidhinishwa, kwa sababu kuna vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha hadi ngazi fulani tu, na ukifika mwisho wa ngazi hiyo utalazimika kuhama. Tatu, linganisha ada iliyoandikwa kitabuni na ile utakayotajiwa chuoni. Tofauti ndogo ina maelezo, lakini kubwa ni dalili ya kuuliza zaidi kabla ya kulipa chochote.

Maombi ya kozi za afya kwa Tanzania Bara hufanyika kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, ambapo unaingiza namba yako ya mtihani, mfumo unasoma matokeo yako na kukuonyesha kozi unazostahili. Hapa kumbuka kwamba kutimiza sifa ya chini ni kuruhusiwa kushindana. Kozi ya utabibu katika vyuo vya serikali vya mijini hupokea waombaji wengi wenye B na C, na mwenye D tatu akiandika vyuo hivyo peke yake atakosa vyote. Binti wa mfano wetu aweke chuo kimoja anachokitamani sana, kisha vingine viwe vya mikoani au vya binafsi vyenye nafasi nyingi. Aliyejaza fomu ya Selform kwa ajili ya kidato cha tano au vyuo vya kati afahamu pia kwamba baada ya matokeo kuna kipindi cha kubadilisha machaguo, na kipindi hicho kikipita hakuna wa kumrekebishia.

Jambo dogo linalosumbua kupita kiasi ni majina. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na maombi ya chuo liwe moja, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. «Hadija» katika cheti kimoja na «Khadija» katika kingine itakuletea usumbufu wakati wa mkopo, wakati wa kuhakiki stashahada na wakati wa ajira, na kila mara utatakiwa kupeleka hati ya kisheria.

Hatua ya sita: hesabu fedha zote

Ada ya mwaka iliyo kwenye tangazo ni sehemu tu ya gharama. Omba maelekezo ya kujiunga kabla ya kuthibitisha nafasi, kisha jumlisha malazi, chakula, bima ya afya, sare, vifaa, michango ya mitihani na gharama za mafunzo kwa vitendo, ambapo mwanafunzi anaweza kupelekwa hospitali iliyo mbali na chuo na kulazimika kupanga chumba huko. Familia nyingi hukwama katika kipengele hiki cha mwisho kwa kuwa hakikuwemo katika bajeti.

Zamani mkopo wa serikali ulikuwa zaidi wa wanafunzi wa shahada, jambo lililozifanya familia maskini ziikwepe stashahada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatoa pia mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada za kipaumbele, zikiwemo za afya. Soma mwongozo wa bodi wa mwaka husika uone kama kozi na ngazi yako zimetajwa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na uhakiki huo huchukua muda, kwa hiyo uanze mapema, hata kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa.

Hatua ya saba: ukiwa chuoni, linda njia ya juu

GPA ya 3.0 inaonekana kuwa ya kawaida mpaka mtu apate C nyingi katika muhula mmoja. Mwanafunzi anayetaka shahada aihesabu GPA yake kila muhula yeye mwenyewe, asisubiri matokeo ya mwisho, kwa sababu aliyehitimu na 2.9 ni tabibu kamili lakini hana sifa ya udaktari, na hakuna mtihani wa kuipandisha GPA baada ya kuhitimu.

Akishamaliza, chuo hupeleka matokeo yake NACTVET, na baraza humpa namba ya uhakiki wa tuzo inayojulikana kwa kifupi AVN. Bila namba hiyo hawezi kuomba shahada kwa sifa ya stashahada. Huombwa mtandaoni, na kinachochelewesha mara nyingi ni chuo kutowasilisha matokeo au majina kutofanana. Aiombe mara tu anapohitimu, hata kama hana mpango wa kwenda chuo kikuu mwaka huo, maana kufuatilia chuo kilichobadilisha uongozi baada ya miaka mitano huchukua safari nyingi. Kwa upande wa uuguzi kuna hatua nyingine kabla ya kazi: mhitimu hufanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na stashahada bila leseni haimruhusu kuhudumia wagonjwa.

Anayekosa nafasi kabisa, kwa mfano aliyefaulu masomo matatu tu, bado anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo aliyoyakosa. Kwa anayelenga afya njia hii humfaa zaidi kuliko kuingia kozi yoyote iliyo wazi ili tu asikae nyumbani, kwa sababu Kemia, Baiolojia na Fizikia za kidato cha nne zitaulizwa tena ngazi ya 4, na zitaulizwa tena siku atakapoomba shahada.